Namna ya Kuandika Tamko la Tatizo na Malengo ya Utafiti Mdogo wa Shuleni

Kila msimu wa mazoezi ya kufundisha maswali ni yale yale. Mada imekubaliwa, lakini msimamizi amelirudisha tamko la tatizo mara ya pili; anataka nini? Malengo yawe mangapi? Kwa nini ameandika pambizoni kwamba "hili si tatizo, ni suluhisho"? Mwongozo huu unamlenga mwalimu mwanafunzi, au mwalimu aliye kazini anayesoma wakati wa likizo, ambaye atafanya utafiti katika shule moja, kwa wiki chache, bila msaidizi na bila fedha za kutosha. Hauhusu tasnifu ya shule hamsini.

Tutafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mfano wenyewe ni wa kubuni, pamoja na takwimu zake zote, ingawa mwalimu aliyefundisha Kisauni, Majengo au Likoni hatashindwa kuutambua. Katika chumba cha walimu cha shule moja ya umma huko Kisauni, mwalimu wa Hisabati wa Gredi ya 7 analalamika hivi: "Hawa watoto hawafanyi kazi ya ziada kwa sababu ya madrasa. Wakitoka hapa wanaingia chuoni mpaka magharibi, wakirudi nyumbani wamechoka. Wazazi waelimishwe." Mwalimu mwanafunzi aliyeketi pembeni anaona amepata mada. Ameipata kweli, ila tamko la tatizo bado hajalipata.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Usiketi kuandika kabla ya kuwa na vitu hivi mezani:

- Mwongozo wa chuo chako wa kuandika pendekezo la utafiti, kwa kuwa vyuo vinatofautiana katika mpangilio wa sehemu na idadi ya malengo inayokubalika.
- Idhini ya mwalimu mkuu ya kuangalia madaftari ya wanafunzi na rejista ya mahudhurio. Hii ni idhini ya kuangalia hali tu. Ya utafiti wenyewe itafuata.
- Kalenda ya muhula, ikionyesha mitihani, mapumziko ya katikati ya muhula, michezo, na ikiwa mwezi wa Ramadhani unaangukia humo.
- Maandishi mawili au matatu ya awali kuhusu mada iyo hiyo, hasa yaliyofanywa Kenya. Maktaba ya chuo huwa na tasnifu za wanafunzi waliotangulia, anzia hapo.
- Daftari moja la kuandikia hesabu zako, lenye tarehe kila ukurasa.

Fahamu pia kwamba utafiti unaohusu watoto una masharti yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa binafsi za mtoto, na leseni ya utafiti nchini hutolewa na Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi. Muulize msimamizi mapema chuo chako kinashughulikiaje mambo haya kwa tafiti ndogo. Usiweke lengo ambalo litahitaji ridhaa usiyoweza kuipata katika muda ulio nao.

Hatua ya 1: Yatenganishe mambo matatu yaliyomo katika lalamiko

Liandike lalamiko kama lilivyosemwa, neno kwa neno, kisha ligawe. Katika lalamiko la mwalimu wetu kuna kitu kinachoonekana: kazi ya ziada haifanywi. Kuna chanzo kinachodhaniwa: madrasa ya jioni. Na kuna dawa iliyokwisha kuagizwa: wazazi waelimishwe. Tamko la tatizo hujengwa juu ya kile cha kwanza peke yake. Cha pili ni dhana ambayo utafiti unaweza kuipima, na cha tatu hakina nafasi mpaka matokeo yapatikane.

Onyo: matamko mengi yanayorudishwa na wasimamizi huanza na maneno kama "ukosefu wa uelimishaji wa wazazi", "ukosefu wa vitabu" au "ukosefu wa maabara". Ukiona neno "ukosefu" katika sentensi yako ya kwanza, jiulize kama hujaigeuza dawa uliyoitaka ukaiita tatizo. Mwandishi wa sentensi hiyo ameshaamua kwamba kitu kinachokosekana ndicho chanzo, na msomaji makini atamuuliza amejuaje kabla ya kufanya utafiti.

Mimi binafsi naliogopa zaidi neno "changamoto". Halisemi ni nini kilichotokea, kwa nani wala mara ngapi, na kwa hiyo linaweza kukaa katika tamko lolote bila kuongeza chochote.

Hatua ya 2: Hesabu kabla ya kuandika

Hii ndiyo hatua ambayo wanaoanza huiruka, na ndiyo inayobadilisha tamko zaidi ya nyingine zote. Mwalimu amesema watoto "hawafanyi". Je, ni wote? Ni kila siku? Na kutofanya maana yake nini? Chukua madaftari ya mkondo mmoja, uyakague kwa wiki chache, kisha weka kila kazi katika mojawapo ya makundi matatu: iliyokamilika, iliyoanzwa ikaachwa, na isiyoguswa kabisa. Kabla hujaanza, andika maana ya kila kundi. Katika mfano wetu, kazi "imekamilika" ikiwa kila swali limejaribiwa, hata kama majibu si sahihi, kwa sababu tunachopima ni ukamilishaji na si ufaulu.

Tuseme mkondo una wanafunzi 46, na katika wiki 3 mwalimu alitoa kazi 9. Hiyo inafanya kazi 414 zilizopasa kupatikana. Rejista inaonyesha kwamba mara 14 mwanafunzi hakuwepo shuleni siku kazi ilipotolewa. Ziondoe hizo, kwa kuwa asiyepewa kazi hawezi kuhesabiwa kwamba hakuifanya. Zinabaki 400. Katika hizo, 212 zilikamilika, 96 zilianzwa zikaachwa, na 92 hazikuguswa.

Soma tena tarakimu hizo mbili za mwisho. Kazi zilizoachwa njiani ni nyingi kuliko zisizoguswa. Mwanafunzi aliyerudi amechoka kutoka madrasa akalala, tungetarajia daftari lake liwe tupu. Aliyefungua daftari, akafanya maswali 4 na kuacha la 5, huenda alipungukiwa na muda, lakini huenda pia alikwama. Lalamiko la chumba cha walimu halikuwa na nafasi ya mtu huyu wa pili. Kwa kuhesabu tu, kabla ya kukusanya data rasmi yoyote, umeshapata swali ambalo walimu hawakuwa nalo.

Onyo: usihesabu kisichoonekana. Huwezi kujua kwa kuangalia daftari peke yake ni nani aliyenakili kazi ya mwenzake asubuhi chini ya mwembe. Kama huna njia ya kulibaini, usilitaje katika tamko wala usiliwekee lengo. Liweke katika mipaka ya utafiti.

Hatua ya 3: Punguza mpaka ubaki na kile unachoweza kukifikia

Jibu kwa sentensi moja: nani, wapi, somo gani, kipindi gani. "Wanafunzi wa Mombasa" ni wengi mno, kwa kuwa kaunti ina maeneo ya Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, nayo hayafanani hata katika jambo dogo kama saa ambayo mtoto hufika nyumbani. Anayevuka kivuko cha Likoni jioni hana muda sawa na anayeishi nyuma ya shule. Mfano wetu unabaki na mkondo mmoja wa Gredi ya 7, shule moja ya umma katika eneo la Kisauni, somo la Hisabati, wiki 6 za muhula mmoja. Jina la shule halihitajiki. "Shule iliyochaguliwa" inatosha.

Hatua ya 4: Tafuta kisichojulikana

Tatizo la utafiti halikamiliki kwa kuonyesha kwamba kuna jambo baya. Ni lazima uonyeshe pia kwamba kuna jambo lisilojulikana ambalo, likijulikana, litasaidia kuamua cha kufanya. Hilo ndilo linaloitwa pengo. Kwa utafiti mkubwa pengo hutafutwa katika maandishi yaliyotangulia. Kwa utafiti mdogo wa shuleni, pengo mara nyingi linapatikana karibu zaidi, katika kumbukumbu za shule zenyewe.

Uliza: ili mwalimu huyu ajue kama madrasa ndiyo chanzo, angehitaji kuona nini? Angehitaji kujua ni jioni zipi watoto wanakwenda madrasa na zipi hawaendi, kisha aone kama kazi za jioni hizo zinatofautiana. Je, shule ina kumbukumbu hiyo? Haina. Angehitaji pia kujua watoto wanaachia kazi katika swali la aina gani. Je, kuna aliyeandika? Hakuna. Basi hayo mawili ndiyo mapengo yako, na hukulazimika kudai kwamba "hakuna utafiti wowote uliowahi kufanywa kuhusu kazi ya ziada".

Onyo: dai hilo la mwisho liogope. Msimamizi akikuonyesha tasnifu moja tu inayohusu jambo hilo, tamko lako lote linaanguka. Sema kile ulichokithibitisha mwenyewe, kwamba kumbukumbu za shule hii hazionyeshi jambo fulani, na ikiwa umesoma tafiti mbili tatu, sema zilichunguza nini na ziliishia wapi.

Hatua ya 5: Andika tamko lenyewe

Sasa andika aya moja, isiyozidi maneno 250, yenye mambo manne kwa mfuatano huu: hali inayotarajiwa, hali ilivyo pamoja na ushahidi wake, kisichojulikana, na hasara ya kubaki bila kukijua. Malizia kwa sentensi moja inayosema utafiti utafanya nini. Historia ya elimu nchini, maana ya kazi ya ziada na umuhimu wa Hisabati vyote vina sehemu yake katika usuli wa mada, usivilete hapa.

Tamko la mfano wetu linaweza kuwa hivi:

> Mwalimu wa Hisabati wa Gredi ya 7 katika shule iliyochaguliwa hutoa kazi ya ziada mara 3 kwa wiki, na kila mwanafunzi hutarajiwa kuikamilisha kabla ya somo linalofuata, kwa kuwa somo hilo huanza kwa kuisahihisha. Hata hivyo, ukaguzi wa madaftari ya mkondo mmoja kwa wiki 3 ulionyesha kwamba, kati ya kazi 400 zilizopasa kuwasilishwa, 212 (asilimia 53) zilikamilika, 96 (asilimia 24) zilianzwa zikaachwa, na 92 (asilimia 23) hazikuguswa. Baadhi ya walimu huihusisha hali hii na masomo ya madrasa ya jioni, lakini kumbukumbu za shule hazitofautishi jioni za madrasa na jioni nyingine, wala hazionyeshi ni maswali ya aina gani ambayo wanafunzi huyaacha. Kwa hiyo haijulikani kama kazi hazikamiliki kwa sababu zinazohusiana na muda, na ugumu wa maswali, au na yote mawili. Wakati huohuo, wanafunzi wasio na kazi ya kusahihisha hulikosa robo ya kwanza ya somo, na shule inakusudia kuzungumza na wazazi kuhusu ratiba za jioni bila ushahidi kwamba ratiba hizo zinahusika. Utafiti huu utachunguza ukamilishaji wa kazi ya ziada ya Hisabati katika mkondo huo kwa kuzingatia jioni za madrasa na aina za maswali.

Angalia jinsi madrasa ilivyotajwa. Imetajwa kama kauli ya baadhi ya walimu, na papo hapo pakaonyeshwa kwamba kauli hiyo haijapimwa. Huku ni kuandika kwa haki. Katika mji ambao mzazi huthamini madrasa sawa na shule, tamko linaloibebesha madrasa lawama bila ushahidi linaweza kukufungia mlango wa wazazi ambao saini zao za ridhaa unazihitaji.

Angalia pia kwamba hasara iliyotajwa ni ndogo na inaonekana: mtoto anapoteza sehemu ya somo, na shule inakaribia kufanya uamuzi bila ushahidi. Wanaoanza hupenda kusema kwamba tatizo lisipotatuliwa "taifa litakosa wanasayansi". Madaftari 46 hayawezi kubeba mzigo huo.

Hatua ya 6: Toa lengo kuu kutoka katika sentensi ya mwisho

Lengo kuu si wazo jipya. Ni ile sentensi ya mwisho ya tamko, imewekwa katika umbo la kitenzi: "Kuchunguza ukamilishaji wa kazi ya ziada ya Hisabati katika mkondo mmoja wa Gredi ya 7 wa shule iliyochaguliwa Kisauni, kwa kuzingatia jioni za madrasa na aina za maswali." Likiwa na kitu ambacho hakimo katika tamko, kwa mfano mtazamo wa wazazi, basi lengo au tamko lirekebishwe. Ukiweza, hakikisha kichwa cha utafiti nacho kinakubaliana nalo karibu neno kwa neno.

Hatua ya 7: Andika malengo mahususi matatu

Malengo mahususi hutoka katika mapengo. Kila pengo moja huzaa lengo moja, na kwa kawaida huongezwa lengo la kuielezea hali yenyewe. Kwa mfano wetu:

1. Kupima kiwango cha kazi za ziada za Hisabati zinazokamilishwa, zinazoachwa njiani na zisizoguswa katika muda wa wiki 6.
2. Kubainisha aina za maswali ambayo wanafunzi huyaacha katika kazi walizozianza.
3. Kulinganisha ukamilishaji wa kazi hizo kati ya jioni za madrasa na jioni zisizo na madrasa.

Utauliza: lengo la kwanza lina faida gani ikiwa tumeshahesabu? Hesabu ya wiki 3 ilikuwa ya kuthibitisha kwamba tatizo lipo. Ulikagua peke yako, pengine kwa haraka. Sasa utahesabu kwa wiki 6, kwa vigezo vilivyoandikwa, na mwalimu wa pili akikagua sehemu ya madaftari ili kuona kama mnayaweka katika makundi sawa.

Lengo la tatu lilihitaji kufikiriwa zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Rasimu ya kwanza ya walio wengi huwa hivi: "Kuchunguza athari za madrasa kwa kazi ya ziada." Neno "athari" linadai kwamba utaonyesha chanzo na matokeo, jambo ambalo mkondo mmoja hauwezi kulithibitisha. Rasimu ya pili hulinganisha wanafunzi wanaokwenda madrasa na wasiokwenda. Hiyo ni bora, lakini bado ina kasoro. Tuseme 29 wanakwenda na 17 hawaendi. Kwanza, 17 ni wachache: mwanafunzi mmoja tu akibadilika, kundi linasogea kwa karibu asilimia 6. Pili, makundi hayo huenda yanatofautiana kwa mambo mengine mengi. Asiyekwenda madrasa huenda anamsaidia mama kuuza mahamri jioni, na hapo hulinganishi madrasa na muda wa bure.

Njia iliyo salama zaidi ni kumlinganisha mtoto na nafsi yake. Ikiwa madrasa wanazohudhuria hupumzika jioni ya Alhamisi, na mwalimu hutoa kazi Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, basi watoto wale wale 29 wana jioni mbili za madrasa na moja isiyo na madrasa kila wiki. Ukiona kazi za Alhamisi zimekamilika zaidi, una jambo la kueleza. Wale 17 wasiokwenda watakusaidia kujihadhari: ikiwa nao wanakamilisha zaidi siku ya Alhamisi, basi huenda kazi za Alhamisi ni rahisi zaidi, au ni fupi, na madrasa haihusiki. Hata hapo utasema "inahusiana", hutasema "inasababisha". Siku za mapumziko hazilingani katika madrasa zote, kwa hiyo ziulize na uziandike kwa kila mtoto kabla hujalikubali lengo hili.

Chagua vitenzi vinavyoonyesha kazi itakayofanywa: kupima, kubainisha, kulinganisha, kuainisha, kueleza. Epuka "kujua" na "kuelewa", kwa sababu msomaji hawezi kuona umejua lini. Epuka "kuboresha", kwa sababu hiyo ni kazi ya baada ya utafiti. "Kutathmini" kitumie tu ukiwa na vigezo vya kutathminia. Na "kusambaza hojaji" au "kuwahoji walimu" si malengo hata kidogo; ni njia za kukusanya data, nazo zina sura yake.

Onyo: lengo moja libebe kitenzi kimoja. "Kubainisha na kutatua" ni malengo mawili yaliyofungwa kamba moja, na la pili hutalifikia. Kuhusu lengo la "kupendekeza mikakati", ambalo baadhi ya vyuo hulikubali, mimi naona lisiwekwe: mapendekezo yana sehemu yake mwishoni, na hakuna data utakayokusanya kwa ajili yake.

Hatua ya 8: Lipe kila lengo data yake

Kabla ya kuwasilisha, chora jedwali la safu nne: lengo, data inayohitajika, itapatikana wapi, itakusanywa lini. Ukishindwa kujaza kisanduku kimoja, lengo hilo liondolewe au liandikwe upya.

| Lengo | Data | Chanzo | Wakati |
|---|---|---|---|
| 1. Kupima | Kundi la kila kazi | Madaftari na rejista | Kila asubuhi baada ya kazi, wiki 6 |
| 2. Kubainisha | Swali la kwanza lililoachwa na aina yake | Madaftari, nakala za kazi zilizotolewa | Siku hizo hizo |
| 3. Kulinganisha | Jioni za madrasa za kila mwanafunzi | Fomu fupi kwa mzazi, pamoja na data ya lengo la 1 | Fomu katika wiki ya kwanza |

Angalia kwamba fomu ya ratiba inamwendea mzazi. Ukimuuliza mtoto mbele ya mwalimu anayemsahihishia, atakujibu anachodhani unataka kusikia, na hasa atajua kwamba madrasa ni kisingizio kinachokubalika.

Baada ya jedwali, geuza kila lengo kuwa swali la utafiti, moja kwa moja: "Ni aina gani za maswali ambazo wanafunzi huziacha katika kazi walizozianza?" Swali likigoma kugeuka kwa urahisi, mara nyingi lengo lenyewe lina kasoro.

Mambo yakikwama

*Msimamizi ameandika "tatizo halionekani".* Mara nyingi sentensi ya hali ilivyo haina tarakimu, au ina tarakimu lakini haina hali inayotarajiwa ya kulinganishwa nayo. Asilimia 53 haimwambii msomaji chochote mpaka ajue kwamba somo huanza kwa kusahihisha kazi ya kila mmoja.

*Nimehesabu na nimekuta asilimia 90 zimekamilika.* Basi lalamiko halikuwa sahihi kwa mkondo huu, na ni heri umelijua mapema. Usiendelee kutafuta wiki mbaya ili uokoe mada. Rudi hatua ya 1 na lalamiko jingine, au ukague hizo asilimia 10 uone kama ni watoto wale wale kila mara. Hilo linaweza kuwa tatizo dogo lakini halisi.

*Mada yangu ilishaidhinishwa ikiwa na neno "athari".* Omba ibadilishwe kuwa "uhusiano" kwa barua fupi yenye sababu. Ikishindikana, eleza katika mipaka ya utafiti kwamba muundo wako hauwezi kuthibitisha chanzo, na malengo mahususi yaandike kwa kitenzi cha kulinganisha.

*Chuo kinadai malengo manne.* Ligawe lililopo badala ya kubuni jipya. Lengo la pili, kwa mfano, linaweza kugawanyika: moja kuhusu mada ya swali, kama visehemu au desimali, na jingine kuhusu umbo lake, yaani swali la tarakimu tupu au lililoelezwa kwa maneno.

*Mwalimu mkuu anaona tamko linaiaibisha shule.* Mwonyeshe rasimu kabla haijafika chuoni. Mara nyingi kinachomkera ni kivumishi, kama vile "mbaya" au "ya kusikitisha", wala si tarakimu. Ondoa vivumishi vyote, tarakimu zibaki. Hakikisha pia kwamba eneo, ukubwa wa shule na idadi ya mikondo, vikiwekwa pamoja, havimfanyi msomaji aitambue shule kwa urahisi.

*Nimeanza kukusanya data na lengo moja halitekelezeki tena.* Hili hutokea, kwa mfano, Ramadhani ikiingia katikati ya wiki zako 6: baadhi ya madrasa hubadilisha saa na nyingine hufunga, na jioni za madrasa ulizoziandika katika fomu hazipo tena. Usiunganishe wiki za kabla na za baada kana kwamba hazijatofautiana. Mwandikie msimamizi siku hiyo hiyo, taja tarehe ratiba ilipobadilika, na mchague pamoja: ama lengo la tatu lijibiwe kwa wiki zilizotangulia peke yake, ama liondolewe kabisa. Likiondolewa, futa pia maneno "jioni za madrasa" katika lengo kuu, katika sentensi ya mwisho ya tamko na katika kichwa cha utafiti, kwa sababu mtahini huanza kwa kuvilinganisha hivyo vitatu.